Jina baya linamsemesha nani?

Kwenye kundi la simu la ukoo wetu mtu alituma video ya mhubiri anayesema kwamba ukimwita mtoto Shida umemfungia shida maisha yake yote. Binamu yangu anayeitwa Masumbuko akajibu kwamba sasa ameelewa kwa nini biashara zake haziendi, na kwamba anabadilisha jina. Mama yake, ambaye huwa hachangii chochote isipokuwa picha za maua asubuhi, akaandika: "Kwa hiyo nilikuchukia?" Kundi zima likanyamaza siku mbili.

Wote wawili walikuwa wanabishana juu ya kitu wasichokitenganisha. Majina haya tunayoyaita "mabaya" tunayatupa kapu moja, kumbe kazi zake ni tofauti, na linalostahili kufafanuliwa zaidi ndilo linaloeleweka kidogo kuliko yote: jina ambalo mzazi amelifanya baya makusudi ili mtoto asife.

Njia rahisi ya kuyachambua ni kujiuliza swali moja. Siku jina lile lilipotamkwa mara ya kwanza, nani alikuwa anasemeshwa?

Majina kama Tabu, Shida, Mashaka, Masumbuko, Msiba na Machozi kwa kawaida ni kumbukumbu. Mama aliugua miezi tisa, au baba alifariki mimba ikiwa changa, au ulikuwa mwaka wa njaa. Mtoto anabeba tarehe ya nyumba yake kama kalenda ya ukutani. Anayesemeshwa hapo ni yeyote atakayeuliza, na pengine Mungu, aone kwamba nyumba hii imeshapata fungu lake. Kumkumbuka marehemu kupitia mtoto si kumchukia mtoto. Shangazi yangu angeweza kumjibu mwanawe kwa sentensi moja tu: "Uliitwa Masumbuko kwa sababu mimi ndiye niliyesumbuka."

Yapo pia majina yanayowasemesha majirani na mawifi. Semeni ni amri kabisa: haya, semeni! Siwatu ni lawama ya mtu aliyechoshwa na walimwengu. Mtoto hapa ni kama khanga: ujumbe umeandikwa mgongoni mwake, lakini haumhusu yeye.

Jina la kinga ni kitu kingine. Halielezi msiba uliopita wala halimpigi kijembe mtu. Linadanganya, na anayedanganywa ni yule anayeaminika kuwa anaua watoto wa nyumba ile: mauti yenyewe, jini, mzimu wa ukoo, au jicho la hasidi. Chukua jina Sikitu, yaani si kitu. Ukilisikia kwa sikio la mzazi utadhani ni tusi. Lisikie kwa sikio la mwizi aliyesimama mlangoni: hapa hamna kitu, pita.

Hila hii tunaijua vizuri kuliko tunavyokubali. Anayekwenda Kariakoo na pesa nyingi haziweki kwenye mkoba unaong'aa. Anazifunga kwenye mfuko wa plastiki uliochakaa, juu anaweka mchicha. Na mtazame mtoto mchanga wa miezi miwili aliyepakwa wanja: nyusi nene kama za mzee, zimepinda, na doa jeusi kwenye paji la uso. Waliompaka hawakukosea mkono. Wamemharibu sura kidogo ili jicho la mtu likimwangukia lisitamani. Jina la kinga ni wanja uliopakwa kwenye ulimi.

Kwa nini mtoto huyu na si mwingine? Hapa ndipo sharti kuu lilipo, na ndilo linalosahaulika. Jina la kinga halikupewa kila mtoto. Lilipewa yule aliyezaliwa baada ya wenzake kufa mfululizo. Nyumba iliyozika watoto watatu au wanne ilianza kujiona imejulikana, kwamba kuna anayekuja kuchukua na anajua njia. Watoto wa kwanza walipewa majina mazuri, ya babu na bibi, wakaenda. Kwa hiyo wa tano atafichwa.

Na mara nyingi jina halikwenda peke yake. Kwa Wajaluo, wa Kenya na wa upande wetu wa Rorya, Owiti na Awiti ni majina yanayotokana na neno la kutupa: aliyetupwa. Mtaani kwetu yupo bibi mmoja, Awiti, mjane anayeuza dagaa, na nilipoenda kumwuliza alicheka kwanza. "Mimi nilitupwa kweli," akasema. Yeye hakumbuki, alisimuliwa na bibi yake. Mama yake alikuwa amezika watatu, wote kabla hawajatembea. Awiti alipozaliwa, bibi alimweka kwenye ungo wa zamani uliotoboka, akambeba alfajiri hadi jaani nyuma ya boma, pale wanapomwaga majivu na maganda, akamweka chini na kuondoka bila kugeuka. Mama mwingine, asiye wa ukoo ule na aliyekwisha kuambiwa, akapita "kwa bahati". Akaokota. Akaja nao ule ungo hadi mlangoni akiita kwa sauti, wasikie wote, na hasa yule asiyeonekana: "Nimeokota mtoto jaani. Nani anamtaka?" Wakamchukua kwa shingo upande, kama watu wanaopokea mzigo wa mtu mwingine.

"Na mama yako alikuwa wapi?" nikauliza.

"Ndani. Aliambiwa asilie."

Hapo ndipo unapoona ujanja wote. Kisheria, kwa sheria ile ya wasioonekana, mtoto wa nyumba hii alikufa au alitupwa. Huyu aliyeingia ni mwingine, hana wenyewe, ametoka kwenye takataka. Kama kuna deni au kisasi na ukoo huu, yeye hahusiki. Jina lake ni stakabadhi ya tendo lile: kila anapoitwa, uongo unarudiwa. Ndiyo maana haikutosha kumwita mara moja, na ndiyo maana wengine walikasirika mtoto akiitwa kwa jina zuri mbele za watu.

Wanandi, kabila mojawapo la Wakalenjini wa Kenya, walikuwa na namna yao. Mwaka 1909 ofisa wa Kiingereza aliyeitwa Alfred Hollis aliandika kwamba wazazi waliofiwa na watoto kadhaa walimweka mchanga kwa dakika chache kwenye njia wanayopita fisi. Kwao fisi alikuwa na uhusiano na wafu, kwa hiyo walitumaini angewaombea kwa mizimu ili mtoto aachwe. Akiishi, jina lake lilitokana na fisi, na majina ya Kikalenjini kama Chemaget na Kimaget yamebeba neno hilo mpaka leo. Asiyejua atashangaa mzazi gani anamwita binti yake fisi. Mzazi aliyewahi kusimama pembeni ya njia akihesabu dakika.

Wala si jambo la Afrika peke yake. Huko Bengali, India, mwaka 1889 alizaliwa mvulana ambaye kaka zake walikuwa wamekufa wachanga. Wazazi wakamuuza kwa dada yake mkubwa, na bei ikawa chenga za mchele, zile zinazobaki kwenye ungo baada ya kupeta. Kwa lugha yao chenga ni khud, naye akaitwa Khudiram. Khudiram Bose alikua, akajiunga na wapinzani wa utawala wa Waingereza, akanyongwa mwaka 1908 akiwa na miaka 18. Wahindi wengi wanalijua jina lake kama shujaa bila kufikiria chenga. Ungo wa Rorya na chenga za Bengali vimefuata hesabu ileile: mtoto akishahama mikono, anayemtafuta atamkosa.

Kisha kuna Wayoruba wa Nijeria, na kwao mambo yanageuka. Mtuhumiwa si mauti wala jirani. Ni mtoto mwenyewe. Wanamwita abiku, yaani mtoto anayezaliwa ili afe, kisha anarudi tumboni mwa mama yuleyule, anazaliwa, anakufa tena, kana kwamba nyumba ni stendi ya mabasi. Kwa hiyo jina linamsemesha yeye, wakati mwingine kwa kumbembeleza, wakati mwingine kwa kumtisha. Malomo: usiende tena. Durojaiye: kaa uyafaidi maisha. Akisatan: matambara yameisha, maana yake hatuna tena cha kukuvika tukuzike. Kosoko: hakuna jembe, hatuna cha kukuchimbia kaburi. Mtu mwenye jina hilo la mwisho alikuwa mfalme wa Lagos kuanzia 1845 hadi 1851.

Jina ninalolipenda kuliko yote katika fungu hili ni Kashimawo. Tafsiri yake ni kama "hebu tungoje tuone." Limebeba uchovu wa watu waliokwisha kuzika mara nyingi mno hata hawataki tena kufurahi mapema. Mwaka 1937 mjini Abeokuta mwanamume mmoja Mwislamu alipata mtoto wa 23, na wote waliotangulia walikuwa wamekufa wachanga. Hakumpa jina la kujivunia. Akamwita Kashimawo, na wakangoja. Walingoja miaka 15 ndipo wakampa jina la Moshood. Dunia ilikuja kumjua kama M.K.O. Abiola, na ile K ndiyo Kashimawo. Akawa tajiri mkubwa, na mwaka 1993 akagombea urais, kura zikaonyesha ameshinda, jeshi likafuta uchaguzi. Alifia kizuizini mwaka 1998.

Mhubiri wa kwenye simu angeweza kuchukua kisa hiki apendavyo: utajiri kuonyesha jina halikumdhuru, au kizuizi kuonyesha lilimdhuru. Mimi naona kinaonyesha kitu kimoja tu cha hakika. Miaka 15 ya kungoja si chuki. Na hao hawakuwa watu wasio na dini, kwa hiyo dai kwamba majina haya ni ya "wapagani" tu linaanguka hapo hapo. Kwetu pwani pia wanja, hirizi na jina la kinga vimekaa nyumba moja na msahafu kwa karne nyingi, wanazuoni wakigomba na akina mama wakiendelea kupaka.

Sasa swali gumu: je, lilisaidia? Ukimwuliza Bibi Awiti atakuonyesha kifua chake: "Si mimi hapa?" Hoja hiyo ni nzito kuliko inavyoonekana, na ina tundu. Wapo akina Awiti wengine waliotupwa jaani, wakaokotwa, wakaitwa hivyo hivyo, wakafa kabla ya mwaka. Hao hawauzi dagaa leo. Kila mwenye jina la kinga unayekutana naye ni aliyepona, kwa sababu ambaye hakupona huwezi kukutana naye. Ni sawa na kuhesabu walionusurika ajali ya mtumbwi kisha ukasema mtumbwi ule hauzamishi watu.

Lakini kuna jambo la ndani zaidi, na linaeleza kwa nini nyumba moja ilizika mfululizo huku jirani, mwenye maji yaleyale na mbu walewale, watoto wake wakikua. Sababu zaweza kuwa nyingi, kuanzia kaswende isiyotibiwa ya mama hadi damu ya mama na ya mtoto kutopatana. Mojawapo inafanana mno na habari za abiku: ugonjwa wa selimundu, ambao wengi tunauita sikoseli.

Uko hivi. Mtu anaweza kubeba nusu ya urithi wa sikoseli bila kuugua. Tena nusu hiyo inampa kinga fulani dhidi ya malaria kali, ndiyo maana imeenea sana kwenye nchi za malaria, ukiwemo ukanda wa Ziwa Viktoria na kusini mwa Nijeria. Wabebaji wawili wakioana, wote wazima, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kumpata mtoto mwenye ugonjwa kamili. Mtoto huyo anazaliwa mzuri, mnene, hana tatizo, kwa kuwa miezi ya mwanzo bado ana damu ya namna ya tumboni inayomkinga. Damu hiyo inapungua. Kwenye mwezi wa sita hivi vidole vya mikono na miguu vinavimba, macho yanakuwa ya manjano, damu inapungua, homa moja inatosha kumchukua. Kwa mama wa mwaka 1930 hili lilionekana wazi: mtoto alikuja, akatutazama, akaamua kuondoka. Na anayefuata akiwa na dalili zilezile, ungemwita nani kama si yuleyule amerudi?

Hebu tufanye hesabu ya nyumba hiyo. Wamezika watatu. Wanaamini wa nne atakufa pia, kwa hiyo wanampa jina baya. Lakini mimba haina kumbukumbu. Kila moja inaanza upya, kama shilingi inayorushwa, haijali iliangukaje jana. Mtoto wa nne ana nafasi tatu kati ya nne za kutokuwa na ugonjwa, jina liwe Awiti au liwe Malkia. Hivyo jina la kinga, likitolewa baada ya vifo vingi, mara nyingi lilimwangukia mtoto ambaye asingekuwa na sikoseli vyovyote vile. Likasifiwa. Likahamia kwa jirani.

Sidai kwamba kila nyumba iliyofiwa ilikuwa na sikoseli. Zamani watoto walikufa kwa surua, kuhara, malaria na pepopunda, na hata karibu na sasa hali ilikuwa mbaya: utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa mwaka 1999 ulikuta watoto 147 kati ya kila 1,000 wanaozaliwa hai wakifa kabla ya kutimiza miaka mitano. Ule wa mwaka 2022 ulikuta 43. Katika miaka hiyo naona majina ya kinga yamepungua, na sidhani ni kwa sababu ya wahubiri. Hofu iliyoyazaa ndiyo iliyopungua.

Pale hofu inapobaki, jina linaweza kufanya kosa moja: kuwafanya wazazi waone wameshachukua hatua. Mzazi aliyefiwa na watoto wawili wenye dalili zinazofanana anahitaji kupimwa damu yeye na mwenzake, na mchanga apimwe mapema kwa tone la damu ya kisigino, kwa kuwa mtoto anayejulikana ana sikoseli anaweza kupewa dawa za kuzuia maambukizi, chanjo na dawa za malaria kabla ya ule mwezi wa sita kufika. Jina libaki kama wanataka, halimzuii mtu kwenda maabara.

Na wewe mwenye jina la aina hii, ukitaka kujua ni la fungu gani, usianze na kamusi. Kamusi itakuambia Tabu ni tabu. Uliza wazee wako ulizaliwa baada ya nani, na hao waliotangulia walienda wapi. Uliza kama aliyekupa jina alikuwa wa nje ya ukoo, na kama kuna jina jingine lililofichwa ambalo bibi alikuitia chumbani tu. Ukiambiwa waliotangulia walikufa mfululizo, na mengine hayo yalifanyika, jina lako ni la kinga. Ukiambiwa tu "mwaka ule ulikuwa mgumu," ni kumbukumbu. Na ukiambiwa ulirithi kutoka kwa babu, basi hadithi ni ya babu, wewe umepewa heshima tu. Hili la mwisho linawachanganya wengi, kwa sababu jina likishapita kizazi kimoja linaacha kuwa hila na kuwa urithi. Anayetaka kulibadilisha sheria inamruhusu kwa hati ya kubadili jina, ingawa baada ya hapo atazunguka na hati hiyo kwenye kitambulisho, benki na vyeti vya shule hadi viatu viishe soli. Binamu yangu alipoambiwa hatua hizo alisema atafikiria.

Bibi Awiti aliniambia kwamba mama yule aliyemwokota aliendelea kumwita "mali yangu" hadi alipozeeka, na hakuna sikukuu iliyopita bila kupelekewa kuku, maana mtoto wa kuokotwa ana deni. Nilipokuwa naondoka alitoka mjukuu wake wa miaka minne, amejipaka unga mashavuni, akanisalimia kwa kunishika kichwa.

"Huyu naye ni Awiti," bibi akasema. "Wa jina langu."

"Naye alitupwa jaani?"

"Wapi. Huyu tulimwokota wodi ya wazazi, na kadi yake ya kliniki."